Mihtasari mitatu ya mwalimu mmoja: upi uuweke juu ya sivii unapoomba kazi ya miradi?

Mwalimu anayetaka kuiacha chaki na kuingia kwenye miradi hukwama mahali padogo: ile mistari minne au mitano ya juu ya sivii, inayokaa chini ya jina na namba ya simu. Historia ya ajira haimsumbui. Ataandika shule, mwaka alioanza, masomo aliyofundisha, basi. Muhtasari ndio unaomtaka aseme yeye ni nani, naye yuko katikati ya mto. Hataki tena kuitwa mwalimu, na afisa mradi hajawahi kuitwa.

Nilifundisha sekondari miaka 6 kabla ya kuvuka, na sasa mara nyingi hukaa upande wa wanaochambua maombi. Sivii ya mwalimu huitambua kabla sijafika kwenye elimu yake, kwa sababu muhtasari wake huwa wa aina mbili zilezile: ama ananyenyekea mpaka haonekani, ama anavaa joho lisilo lake. Ya tatu ipo, ila ni adimu. Nitaziweka zote tatu mezani, za mtu mmoja, kisha tuone kila moja inafika wapi.

Tumchukue mwalimu wa mfano. Amefundisha Hisabati na Jiografia miaka 9 katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida. Miaka 3 ya mwisho amekuwa mwalimu wa taaluma, shule ina walimu 22. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zile fedha za UVIKO, kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 kati yake ya sekondari, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Shule yake ikapata mawili. Kazi haikupewa mkandarasi. Shule yenyewe ilinunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo, chini ya kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi. Yeye akateuliwa katibu wa kamati ya ujenzi.

Huu hapa muhtasari wake wa kwanza, aliouandika usiku mmoja kwa kuangalia sivii ya rafiki:

> Mimi ni mwalimu mchapakazi, mwaminifu na ninayejifunza haraka, mwenye uzoefu wa miaka 9 wa kufundisha. Natafuta nafasi katika shirika lenye sifa ambako nitakuza ujuzi wangu na kuchangia malengo ya shirika. Nina uwezo wa kufanya kazi kwenye mazingira magumu na kwa usimamizi mdogo.

Wa pili aliuandika baada ya kuhudhuria semina ya mchana mmoja kuhusu kubadili kazi:

> Meneja wa miradi mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 9 katika kupanga, kutekeleza na kutathmini miradi ya elimu. Nimeongoza timu za watu zaidi ya 70, nimesimamia bajeti ya shilingi milioni 40 na kukamilisha miradi kwa wakati na ndani ya bajeti. Mtaalamu wa usimamizi wa wadau, ufuatiliaji na tathmini, na udhibiti wa vihatarishi.

Na wa tatu:

> Mwalimu wa sekondari wa miaka 9 anayehamia kwenye uratibu wa miradi ya elimu. Nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi wa madarasa mawili (shilingi milioni 40, Novemba 2021 hadi Februari 2022) nilitunza leja ya vifaa, nilifuatilia kazi ya mafundi hatua kwa hatua na kuandaa taarifa ya kila wiki kwenda halmashauri. Kwa miaka 3 nimeratibu ratiba, mitihani na uchambuzi wa matokeo nikiwa na walimu 22. Naomba nafasi ya afisa mradi au mratibu msaidizi.

Wa kwanza tuumalize haraka. Hauna uongo, lakini hauna mtu pia. Ukifuta neno "mwalimu" ukaweka "mhasibu" au "muuguzi", hakuna kitakachoharibika. Anayechambua maombi 200 ya nafasi moja hana cha kuandika pembeni ya jina lako. Kuna mahali pamoja tu ambapo nimeuona ukipita: nafasi za kujitolea kwa vijana waliotoka chuo juzi, ambako kila mwombaji ameandika hivyohivyo na wanachagua kwa matokeo ya chuo. Mwalimu wa miaka 9 hagombei nafasi hizo.

Ushindani halisi uko kati ya wa pili na wa tatu, na sitajifanya kwamba wa pili haufanyi kazi. Unafanya, hatua ya kwanza. Dawati la rasilimali watu lina tangazo mkononi, tangazo limeandikwa "wadau", "bajeti", "ufuatiliaji na tathmini", na muhtasari wa pili una maneno yote hayo. Ataitwa. Swali ni kinachotokea akishaketi.

Tuanze na ile miaka 9.

Watu wa miradi wana maana moja ya neno mradi ambayo hawaiachi: ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho, inayozalisha kitu mahususi ambacho hakikuwepo. Kufundisha Hisabati kidato cha pili mwaka baada ya mwaka ni kazi ngumu kuliko miradi mingi niliyoiona, ila si mradi. Ni shughuli endelevu. Muhula ukiisha unaanza mwingine, silabasi ni ileile, na hakuna siku ya kukabidhi. Kwa hiyo anayeandika "miaka 9 ya usimamizi wa miradi" akiwa na maana ya miaka 9 ya kufundisha amekosea kipimo chenyewe, na mtu wa miradi ataliona hilo kabla ya sentensi kuisha.

Lakini ndani ya ile miaka 9 miradi ilikuwepo. Madarasa mawili yalichukua miezi 4. Mwaka 2019 alikuwa mmoja wa walimu watatu walioanzisha chakula cha mchana shuleni: kukaa na wazazi, kukubaliana michango ya mahindi na maharage, kutafuta mpishi, kujenga jiko, mpaka siku sahani ya kwanza ilipotoka. Miezi 3. Baada ya siku hiyo chakula kikawa shughuli ya kawaida ya shule, na hesabu ya mradi inaishia pale. Jumla ni miezi 7. Kambi ya kitaaluma ya kidato cha nne hufanyika kila mwaka, hiyo naiacha nje, ingawa najua wapo watakaobishana nami.

Miezi 7 inaonekana kidogo ukiiweka pembeni ya miaka 9. Ila inakueleza mambo mawili unayohitaji kuyajua kabla hujatuma maombi. La kwanza ni ngazi ya nafasi: mwenye miezi 7 anaomba uafisa au usaidizi wa uratibu, si umeneja. La pili ni cheti. Cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP, kinachotolewa na taasisi ya PMI, kinamtaka mwenye shahada awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. PMI huchagua baadhi ya maombi na kuyakagua: waliokusimamia hutakiwa kuthibitisha ulichoandika, mradi kwa mradi. Mwalimu wetu akijaza miezi 108, mkuu wake wa shule ndiye atakayetakiwa kutia saini kwamba vipindi vya Jiografia vilikuwa miradi. Taasisi hiyohiyo ina cheti cha CAPM, ambacho kinahitaji elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo, bila uzoefu wowote wa miradi. Hicho ndicho kinachokaa sawa na muhtasari wa tatu. Nimewaona walimu wakilipia kozi ya PMP kwa sababu sivii yao wenyewe ilishawadanganya kwamba wanastahili.

Sasa bajeti. Hapa ndipo muhtasari wa pili hufia, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeliona likitokea zaidi ya mara moja. Usaili huenda hivi:

"Karibu mwalimu. Umeandika umesimamia bajeti ya milioni 40. Tueleze, fundi alipomaliza msingi, alilipwaje?"

"Alilipwa na shule."

"Nani aliidhinisha?"

"Mkuu wa shule... pamoja na kamati."

"Wewe ulikuwa mtia saini?"

"Hapana. Nilikuwa katibu."

"Sawa. Na fedha za madirisha zilipopungua, nani aliamua zihamishwe kutoka kifungu gani?"

Kimya. Si kwamba hajui kilichotokea. Alikuwepo, aliandika muhtasari wa kikao kwa mkono wake. Ila swali limeulizwa kwa mtu aliyesema *nilisimamia*, na mtu huyo hayupo chumbani. Yupo katibu mzuri sana ambaye sasa anaonekana tapeli. Nikiwa kwenye jopo, kitu kinachoniuma ni kwamba maswali hayohayo yangeulizwa kwa mwenye muhtasari wa tatu, angeyajibu vizuri. "Sikuwa mtia saini. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba hatua imekamilika kabla malipo hayajaombwa. Msingi ulipoisha, mhandisi wa halmashauri alikagua, nikaambatisha ripoti yake na muhtasari wa kikao, ndipo mkuu wa shule akaidhinisha." Hilo ni jibu la mtu anayejua udhibiti wa malipo. Afisa mradi kwenye shirika hufanya kazi hiyohiyo karibu kila wiki, na kwa kawaida saini ya mwisho haiko kwake pia.

Njia rahisi ya kujipima ni kitenzi. Kabla hujaandika "nilisimamia" au "niliongoza", jiulize: jambo lilipoharibika, nani aliitwa ofisini? Kama aliitwa mtu mwingine, kitenzi chako ni "niliratibu", "nilifuatilia" au "niliandaa". Vitenzi hivi havina aibu yoyote. Matangazo mengi ya uafisa mradi, ukiyasoma sehemu ya majukumu, yamejaa kuratibu, kufuatilia na kuandaa.

Upande wa watu nao una mtego wake. "Timu za watu zaidi ya 70" ni mkondo wa kidato cha pili B. Wanafunzi si timu ya mradi: hawajaajiriwa, hawawezi kuondoka, na wewe una mamlaka juu yao ambayo meneja yeyote angeyaonea wivu. Kengele ikilia wanaingia. Kwenye mradi unamhitaji mhasibu wa shirika, dereva, afisa wa halmashauri na fundi, na hakuna hata mmoja unayemwandikia tathmini ya utendaji. Ndiyo maana kile ambacho mwalimu wetu alikificha, ualimu wa taaluma, kina thamani kuliko darasa la watoto 70. Mwalimu wa taaluma hana mamlaka juu ya wenzake. Anamhitaji mwalimu wa Kemia alete maswali ya mtihani Ijumaa, na mwalimu wa Kemia ni mkubwa kwake kwa umri na kwa cheo. Anampata kwa kumkumbusha mapema, kwa kumpunguzia zamu ya usimamizi wa mtihani, kwa kwenda kukaa naye pale chini ya mwembe. Miaka 3 ya hivyo kwa watu 22 ni mazoezi halisi ya kazi ya mradi. Na angalia namna muhtasari wa tatu ulivyoisema: *nimeratibu nikiwa na walimu 22*. Haukusema *nimeongoza*.

Nimeuliza walimu kadhaa waliovuka ni maneno gani ya shuleni walijaribu kuyapeleka, na nikayapanga pamoja na niliyoyaona mwenyewe kwenye maombi:

| Ulichofanya shuleni | Kinavyovimbishwa | Kinavyosimama mbele ya jopo |
|---|---|---|
| Azimio la kazi na andalio la somo | Mtaalamu wa kupanga miradi | Nimepanga kazi ya mwaka kwa wiki na kufuatilia utekelezaji wake |
| Uchambuzi wa matokeo ya mitihani | Mtaalamu wa ufuatiliaji na tathmini | Nimekusanya na kuchambua matokeo ya wanafunzi kwa Eksel na kuwasilisha kwa walimu na wazazi |
| Vikao vya wazazi | Usimamizi wa wadau wa ngazi zote | Nimeendesha vikao vya wazazi na kufikia makubaliano ya michango ya chakula |
| Darasa la wanafunzi 70 | Kiongozi wa timu kubwa | Liache. Andika uratibu wa walimu wenzako |

Ule mstari wa kwanza unahitaji maelezo, kwa sababu walimu wengi huamini ndio karata yao kubwa. Azimio la kazi ni mpango, hakuna ubishi. Ila ni mpango wa aina moja: mada zimeshatolewa na silabasi, muda umeshatolewa na kalenda, na mada ya tatu ikichelewa unaibana au unaongeza kipindi cha jioni, mada ya nne inaendelea. Kwenye mradi kazi zimefungamana. Moja ikisimama, inasimamisha nyingine, hata kama watu na fedha vipo.

Mwalimu wetu alilijua hili kwenye yale madarasa, si kwenye azimio la kazi. Boma lilipandishwa mpaka kwenye lenta kwa muda uliopangwa. Mbao za kupaulia zilikuwepo. Mabati hayakuwepo, maana yaliagizwa boma likiwa tayari, na wakati huo shule nyingi zilikuwa zinajenga kwa pamoja na kununua kwa wauzaji walewale. Yakachelewa siku 11. Fundi hakukaa kusubiri, akaenda kwenye eneo lingine la ujenzi, na kumrudisha kukachukua siku nyingine 6. Lipu ya ndani haikuanza bila paa, sakafu haikumwagwa bila lipu, na rangi ilikuwa nyuma ya vyote hivyo. Siku 11 za mabati zikawa zaidi ya wiki mbili za jengo. Kidato cha kwanza walifika Januari, madarasa yakakabidhiwa Februari.

Kwa hiyo "kwa wakati na ndani ya bajeti", ile sentensi tamu ya muhtasari wa pili, nusu yake ni uongo ulio wazi. Tarehe ziko kwenye hati ya makabidhiano, na mwanajopo yeyote aliyekuwa nchini anakumbuka madarasa yale yalitakiwa lini. Muhtasari wa tatu uliandika tu *Novemba 2021 hadi Februari 2022* na kunyamaza. Haukujisifu, wala haukujishtaki. Jopo likiuliza, na litauliza, ana hadithi ya mabati, na hadithi hiyo ina kitu ambacho hakuna semina ingempa: kwamba mabati yangeagizwa msingi ulipoisha, wakati kuta zinapanda. Akimaliza kwa kusema hivyo, ameonyesha anajua kazi ipi inabana zote. Nimewahi kumpa mwombaji alama za juu kwa jibu la namna hii, na kumpa za chini aliyeniapia kwamba mradi wake haukuwahi kuchelewa.

Kuna jambo moja walimu huniuliza kila mara: je, kusema ukweli ndiyo kuandika nilichokosa? Hapana. Muhtasari si kitubio. Usiandike "ingawa sina uzoefu rasmi wa miradi", wala "niko tayari kufundishwa kila kitu". Sentensi ya mwisho ya muhtasari wa tatu, inayotaja nafasi ya afisa mradi au mratibu msaidizi, imeshasema ngazi yako bila kuinamisha kichwa. Vivyo hivyo kwa programu za kompyuta. Kama umetumia Eksel kwa uchambuzi wa matokeo, iandike. Kama uliifungua KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa dodoso, siku moja ukatengeneza dodoso la maswali matano, acha kwanza. Chukua wikendi mbili, kusanya kitu halisi nayo, hata mahudhurio ya chakula cha mchana kwa siku 10, ndipo uiandike.

Maneno ya tangazo yatumie pia, maana ni kweli dawati la mchujo linayatafuta. Yaazime pale tu tendo lako linapoyafikia. Tangazo likisema "ufuatiliaji na tathmini", wewe una ufuatiliaji: umefuatilia vifaa, hatua za mafundi, matokeo ya mitihani. Tathmini ni kupima kama badiliko limetokana na mradi wenu au na kitu kingine, na hilo hujalifanya. Andika "ufuatiliaji". Neno moja kati ya mawili linatosha kukupitisha kwenye mchujo, na la pili hutalazimika kulitetea.

Basi uchague upi? Ukiomba kwenye shirika la elimu, kwa mfano mradi wa kusoma na kuhesabu au wa wasichana kubaki shuleni, chukua wa tatu kama ulivyo na neno "mwalimu" likae mwanzoni kabisa. Hapo ualimu ni mtaji. Wanahitaji mtu atakayeingia ofisi ya mkuu wa shule akajua asalimieje, anayejua kwamba wiki ya mitihani hakuna mafunzo ya walimu, na anayeweza kusoma daftari la mahudhurio akagundua limejazwa siku moja. Kuuficha ualimu kwenye ombi kama hilo ni kujinyang'anya.

Ukiomba nje ya elimu, kama kampuni ya ujenzi, mradi wa maji au wa umeme, ugeuze uanze na jengo:

> Nimeratibu nyaraka, vifaa na taarifa za kila wiki za ujenzi wa madarasa mawili ya shilingi milioni 40, nikifanya kazi na mafundi, kamati ya kijiji na mhandisi wa halmashauri. Nina miaka 9 ya ualimu wa Hisabati na miaka 3 ya kuratibu walimu 22. Naomba nafasi ya msaidizi wa mradi upande wa nyaraka na vifaa.

Ukweli ni uleule, mpangilio ndio umebadilika, na ngazi imeshuka kidogo. Kwenye ujenzi usimamizi wa kazi yenyewe una wenyewe, wahandisi waliosajiliwa na bodi yao, na mwalimu hapenyi kwa mlango huo. Mlango wa nyaraka na stoo uko wazi, na watu wanaojua kuandika taarifa inayoeleweka ni wachache kuliko unavyodhani.

Wa pili je, kuna siku utafaa? Nimejaribu kumtafutia mahali. Labda baada ya miaka mitano, maneno yake mengi yakiwa yameshakuwa kweli, ingawa siku hiyo mwenyewe hatayaandika hivyo. Mtu aliyewahi kuongoza mradi hutaja mradi.

Kabla mwalimu wetu hajatuma wa tatu, nilimshauri afanye jambo moja ambalo huwashauri wote: ampigie simu mdhamini wake, yaani mkuu wa shule, amsomee muhtasari mstari kwa mstari. Mdhamini ndiye atakayepigiwa na shirika, na kama maneno yenu yanapishana, atakayeumia ni wewe. Akapiga.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba mwalimu, hujambo?"

"Sijambo. Mkuu, nina sentensi nne hapa, naomba unisikilize uniambie kama ziko sawa."

Akasoma. Mkuu akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Zote sawa. Ila leja, mwalimu. Leja ya vifaa aliitunza mwalimu wa stoo. Wewe ulikuwa unakuja Ijumaa kuihakiki, mnahesabu mifuko pamoja, mnatia saini wote wawili."

Alikuwa sahihi. Hata muhtasari ule mwaminifu ulikuwa na neno lililopanda juu ya mahali pake, na mwandishi wake hakuwa ameona. Akafuta *nilitunza leja ya vifaa*, akaandika *nilihakiki leja ya vifaa kila Ijumaa*. Mstari ukarefuka kidogo. Nilipousoma upya nikaona umekuwa bora, maana sasa una siku, na mtu anayehesabu mifuko ya simenti kila Ijumaa ni mtu ambaye shirika lolote lingependa kumuuliza swali la pili.